Daftari Nililolifungia Kabatini

Kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi wa zahanati kuachana na madaftari na kuandika taarifa za wagonjwa kwenye kishikwambi. Nikiitaja kazi hiyo harusini watu hunisogezea kiti, wanadhani ni kazi ya kompyuta. Wapi! Kompyuta ukiiwasha inawaka, ukiizima inazimika, haina kinyongo na mtu. Kazi yenyewe ni watu. Na mimi, miaka yangu miwili ya kwanza, watu sikuwajua, na ubaya zaidi nilijiona nawajua kuliko wote.

Sitaitaja zahanati wala ofisi. Mwenyewe ninayemzungumzia ni mama mmoja, muuguzi mkunga, mfawidhi, yaani mkuu, wa zahanati ndogo ndani kabisa ya delta ya Rufiji, mahali ambapo hufiki kwa gari hata uwe na gari la namna gani. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Aliowazalisha yeye leo wana watoto wao. Huyo ndiye niliyetaka kumwondoa kwenye nafasi yake, na nusura nifaulu, kwa kosa lililokuwa langu.

Tulianza na mafunzo pale Kibiti. Siku mbili, ukumbi wa kukodi, chai na chapati saa nne, wali saa saba. Mfumo ulikuwa umeshatengenezwa na watu waliokaa mjini, na mimi nilipewa kazi ya kuuleta. Hakuna aliyewahi kumuuliza hata muuguzi mmoja siku yake inakwendaje. Sikuona tatizo. Nilisimama mbele na shati langu lililopigwa pasi nikasema, "Jamani, zama za madaftari zimekwisha." Wakapiga makofi, maana wakubwa walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Yule mama akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nina swali dogo. Huku kwetu mpunga ukikaribia kuchanua watu wanahama. Wanakwenda kukaa madunguni kulinda mashamba, miezi mitatu, minne. Nyumba zinafungwa. Sasa hapa panataka kitongoji. Mtu akiwa dunguni namwandika wapi?"

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, mtu anaishi humo akifukuza ndege, nyani na nguruwe wasimalize mpunga. Watengenezaji wa mfumo walikuwa na haki ya kutolijua. Mimi sikuwa na haki hiyo. Mama yangu alilima bondeni, upande wa Mahege, na nimelelewa dunguni tangu nikibebwa mgongoni. Nilijua kabisa mama huyu anauliza nini. Lakini mbele ya wakubwa wale sikutaka kuonekana mtu wa dunguni. Nikacheka, nikasema, "Mama, mfumo haujui dungu. Chagua kitongoji, bonyeza, endelea."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye akakaa. Hakuuliza tena kitu kwa siku mbili zote, na mimi nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba washiriki walielewa.

Baada ya mafunzo nikarudi ofisini kusubiri matunda. Kompyuta yangu ilikuwa na ukurasa unaoonyesha kila zahanati kwa rangi: kijani kwa wanaoingiza taarifa, nyekundu kwa wasioingiza. Kila Jumatatu nilituma picha ya ukurasa ule kwenye kundi la WhatsApp la wafawidhi wote, bosi wangu mganga mkuu akiwamo, na zile nyekundu nazizungushia duara. Niliamini fedheha itawasukuma. Iliwasukuma kweli, ila siko nilikotaka. Wengine wakaanza kuingiza chochote ili mradi wapate kijani. Kuna zahanati nilikuta wagonjwa wa wiki nzima wana umri mmoja. Nikafumba macho, kwa kuwa bosi alikuwa anafurahia kijani na mimi nilifurahia kumfurahisha.

Zahanati ya yule mama ilibaki nyekundu. Wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita. Nikaandika kwenye kundi, "Mama wa delta, wenzako wote wameshavuka, bado wewe." Akajibu baada ya siku tatu: "Nimeona. Mtandao unashika ng'ambo tu, nangoja mtumbwi." Nikasema moyoni, visingizio hivyo.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Nilifika saa tano asubuhi, maji yamekupwa, kwa hiyo boti ikatushusha mbali na gati tukakanyaga tope hadi magotini. Nilifika nimekasirika. Benchi la nje limejaa wajawazito, na ndani yuko peke yake, kwani msaidizi wake alikuwa likizo ya uzazi. Kishikwambi kipo kabatini, kimefunikwa kitambaa kisafi. Mezani yamepangwa madaftari makubwa ya serikali, na pembeni yake daftari moja la kaunta lenye jalada la buluu, kingo zimelika.

"Mama, ndiyo nini hii?" nikauliza mbele ya wagonjwa.

Sikumwamkia. Mtu wa umri wa mama yangu, nimeingia kwake, sikumwamkia. Mambo mengine ya siku ile naweza kujitetea kidogo, hilo siwezi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pole na safari."

Kisha akanieleza bila kupandisha sauti. Mgonjwa mmoja kwenye daftari anamchukua dakika mbili. Kwenye kishikwambi dakika nane, na benchi lile nimeliona. Kwa hiyo mchana anaandika daftarini, na wagonjwa wakishaisha anaanza upya kuyaingiza yale yale kwenye kishikwambi. Umeme wa sola ni mdogo, wa kugawana na friji ya chanjo, na kati ya kishikwambi na chanjo za watoto yeye anajua kipi anakitanguliza. Tena mwisho wa mwezi ofisi yetu bado inamdai taarifa ya karatasi, yenye mambo hayo hayo.

"Mmeniongezea kazi, hamjanipunguzia hata moja," akasema. "Na mimi, mwanangu, mifumo nimeiona mingi. Kabla yako walikuja wenye simu. Kabla yao walikuja wenye kadi. Mradi wao ukiisha wanakunja, nabaki hapa na watu wangu na daftari langu."

Hakukuwa na neno hata moja la uongo. Angekuwa mtu mwenye akili, angevuta kiti akaandika kila alichosema. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba hapa kuna mzee anayeogopa mashine. Na nilikuwa nimebeba kichwani somo la semina fulani, kwamba watu hawaachi njia ya zamani mpaka uifunge. Si uongo, ila hufungwa pale njia mpya inapokuwa imeshapitika. Nusu hiyo ya pili sikuikumbuka.

Nikaomba gunia. Nikaanza kutia madaftari. Nilipofika kwenye lile la buluu akaweka kiganja juu yake.

"Hayo chukua, ni ya serikali. Hili niachie. Nimelinunua mwenyewe, ndilo la madungu."

"Yote, mama."

"Sikiliza kwanza, mwanangu..."

"Nimesema yote!"

Akaondoa mkono. Mama mmoja benchini akasema chinichini kwa Kindengereko kwamba kijana huyu kwao hakufunzwa. Nilimwelewa vizuri sana, ndiyo lugha ya bibi yangu. Nikajifanya sikusikia, nikabeba gunia langu.

Ofisini nikayafungia kwenye kabati la chuma, funguo nikatia mfukoni. Halafu nikakaa nikamwandikia mganga mkuu taarifa. Ninaikumbuka neno kwa neno: mfawidhi anapinga mabadiliko, inapendekezwa nafasi yake iangaliwe upya. Sikuandika habari za friji. Sikuandika habari za benchi. Nilipomaliza nilijiona nimekuwa mtu mzima.

Basi, haikupita mwezi, zahanati ile ikageuka kijani. Kijani kibichi kabisa! Nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone. Kwenye kikao cha robo mwaka nikasimamishwa, nikapigiwa makofi, nikapewa na barua ya pongezi. Niliipiga picha nikamtumia mama yangu, ambaye hajui kusoma, akampa jirani amsomee.

Sikuelewa kijani kile kimetoka wapi. Ukweli ni kwamba mama alikuwa hana tena pa kuandika pengine. Aliyefika zahanati alimwingiza kwenye kishikwambi, akakivusha ng'ambo kwenye mtandao, na taarifa zikaja kamili. Lakini asiyefika hakuwamo. Zamani, mjamzito aliyepitisha siku yake ya kliniki alitafutwa kupitia lile la buluu: yuko mkono gani wa mto, dungu la ngapi, nani jirani mwenye mtumbwi anayeweza kupelekewa ujumbe. Kazi hiyo haikuwamo kwenye mfumo wetu wala kwenye madaftari ya serikali. Ilikuwa kazi aliyoibuni mwenyewe kwa miaka mingi, na mimi niliichukua nikaifungia kabatini pasipo hata kujua kwamba ni kazi.

Msimu ukafika, watu wakahamia mashambani. Kulikuwa na mwanamke mwenye mimba ya tatu. Alifika kliniki, presha imeanza kupanda kidogo, miguu imejaa. Mama akamwambia arudi baada ya siku nne bila kukosa, na akaingiza kila kitu kwenye kishikwambi kama tulivyomfundisha, kitongoji bila dungu. Siku nne zikapita. Mfumo wetu haukulala, ulitoa jina la yule mwanamke kwenye orodha ya wasiorudi, na pembeni yake kitongoji. Mhudumu wa afya wa kijiji, mgeni katika kazi, akaenda kitongojini. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani hayupo. Jirani wa jirani hayupo. Kitongoji kizima kiko madunguni, na madungu yako kwenye mikono ya mto isiyopungua minne. Akarudi. Mama alijaribu kukumbuka kwa kichwa, akatuma ujumbe kwenye mkono wa mto ambao familia ile ililima mwaka wa nyuma. Mwaka huu walikuwa wamehamia mwingine.

Siku ya kumi mwanamke akashikwa na kifafa cha mimba juu ya dungu. Mumewe alimteremsha kwa ile ngazi ya miti, akampakia mtumbwini akapiga kasia mpaka zahanati. Mama akamhudumia kwa alivyokuwa navyo, boti ikampeleka hospitali. Mwanamke alipona. Mtoto, wa kike, alitolewa ameshafariki.

Kifo kama hicho kina kikao chake. Wanakaa waganga, wauguzi na watu wa takwimu, wanapitia hatua kwa hatua nini kilitokea. Utaratibu unasema kikao si cha kutafuta mkosaji, ni cha kujifunza. Ndivyo karatasi isemavyo. Lakini kwenye jalada la zahanati ile, juu kabisa, kulikuwa na taarifa yangu.

"Mama, kwa nini huyu hakufuatiliwa?" akaulizwa. "Mfumo ulitoa jina lake. Na hapa tunasoma kwamba wewe mfumo huutaki."

Alikuwa amevaa sare yake nyeupe, kaja kwa boti tangu alfajiri. Mimi nimekaa viti viwili kutoka kwake, kompyuta imefunguliwa. Akanitazama. Hakunitazama kwa ukali, angenitazama kwa ukali ningepata pa kukasirikia. Alinitazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema kwanza.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Daftari lake nililichukua mimi. Maneno manne. Nikasogeza kipanya cha kompyuta, nikajifanya natafuta kitu kwenye ukurasa.

"Nilimtafuta sikumpata," mama akasema, na hakuongeza neno.

Wakaamua avuliwe ufawidhi, apewe onyo, na ndani ya mwezi ahamishiwe kituo cha barabarani ambako angekuwa chini ya usimamizi wa karibu. Miaka yote ile, na angemalizia kazi akiwa na onyo kwenye faili. Tulipotoka nje alinisimamisha karibu na bomba.

"Funguo bado unazo?"

"Ninazo, mama."

"Basi fungua usome. Kurasa za mwishoni."

Nilifungua kabati siku ile ile, baada ya wenzangu kwenda kula. Lile la buluu alikuwa ameligawa, kila ukurasa na mkono wake wa mto, na chini ya kila mkono madungu yamepangwa kwa jinsi mtumbwi unavyoyapita. Mwanamke yule alikuwamo. Aliandikwa wiki moja kabla sijaenda na gunia langu, mimba ikiwa bado changa, na mbele ya jina lake mama ameandika: mwaka huu wanahama, wamepata shamba ng'ambo, dungu la pili baada ya mikoko kukatika, ujumbe apewe mvuvi wa jirani. Mbele yake tena, kwa kalamu nyekundu: mimba iliyopita presha, nisimwachie.

Nilikaa chini sakafuni. Astaghafirullah, nilisema, na nikarudia, na haikunisaidia kitu.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia moja kwa moja kwa bosi. Nilikaa siku tisa. Siku tisa nzima nikienda kazini, nikirudi, nikila, huku barua ya uhamisho wake ikipigwa chapa chumba cha pili. Nilijipa sababu za kila aina. Kwamba mtoto angefariki hata hivyo. Kwamba maagizo yalikuwa ya kuondoa madaftari. Kwamba nikisema, mfumo utaonekana mbovu na wote watarudi kwenye karatasi. Hiyo ya mwisho niliipenda kwa sababu ilinifanya nionekane nateseka kwa ajili ya umma. Woga mtupu! Nilikuwa naogopa kunyang'anywa ile barua ya pongezi.

Siku ya kumi nikaingia kwa mganga mkuu na daftari mkononi, nikaliweka wazi mezani kwenye ukurasa wenyewe, nikaeleza yote tangu swali la ukumbini. Akasoma. Nilitegemea anifukuze.

"Wewe umefanya ujinga," akasema. "Na mimi niliyeweka saini bila kumuuliza huyo mama hata neno moja, niite nani?"

Kikao kikaitishwa tena. Nikasema yote mbele ya watu wale wale. Uamuzi ukafutwa, onyo likatolewa kwenye faili lake, nami nikapewa la kwangu, halali yangu. Nikachukua daftari, nikapanda boti kumrudishia.

Safari hii nilimwamkia. Akaitika, akapokea daftari, akalipangusa kwa upande wa kanga. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Msamaha utausubiri. Nina wagonjwa. Wewe unataka nini hasa, mfumo wako upone au roho yako ipoe?"

Akanionyesha benchi. Akasema nikae pale wiki nzima, nisishike kitu, nisimfundishe mtu, niangalie tu. Nikakaa. Nililala nyumba ya mwalimu, na asubuhi nipo benchini na wajawazito, wakinitania. "Daktari wa gunia," waliniita, na nilistahili.

Kwenye benchi lile nilijifunza kuliko shule niliyosoma. Nilihesabu maswali ambayo kishikwambi kinauliza mgonjwa wa mafua, nikaona mengi hayamsaidii mgonjwa wala muuguzi, yamewekwa kwa ajili yetu sisi wa ofisini. Niliona kwamba mama hakuogopa mashine hata chembe, anatumia simu yake vizuri kuliko mimi. Alichoogopa ni kupoteza watu wake. Baadaye nilizunguka zahanati nyingine nikauliza badala ya kuhutubia, na kila mmoja alikuwa na la kwake. Mmoja aliogopa kwamba upungufu wa dawa ukionekana kwenye kioo ataitwa mwizi. Mwingine alikuwa na aibu ya kuchapa kwa kidole kimoja mbele ya wagonjwa. Wote hawa mimi niliwaandika kwa neno moja, wapinzani.

Kurekebisha kulichukua zaidi ya mwaka. Nilianza kwa kufuta ile picha ya rangi ya Jumatatu. Tukawaita wauguzi sita, mama akiwa mmojawao, wakakaa na watengenezaji wakabishana nao mpaka maswali yakapungua nusu na pakawekwa sehemu ya makazi ya msimu, na mtu wa kupelekewa ujumbe. Orodha ya wasiorudi ikawa inatoka kwa mpangilio wa mikono ya mto. Likafuata gumu zaidi, na halikuwa delta, lilikuwa ofisini kwetu: kuacha kudai taarifa ya karatasi. Wenzangu wa takwimu walipinga kuliko muuguzi yeyote. Ilibidi mganga mkuu aseme mbele yao kwamba karatasi ikiletwa hataipokea, na mwezi uliofuata ilipoletwa, akairudisha kweli. Siku ile ndipo wauguzi walipoamini kwamba safari hii hatutanii.

Paneli ya pili ya sola ikapatikana. Daftari na kishikwambi vikatumika pamoja, lakini kwa muda unaojulikana, na siku ya kuacha daftari walipanga wauguzi wenyewe. Mafunzo hatukurudi ukumbini. Mama aliwafundisha wenzake wa delta kwenye meza zao, na mgonjwa yuko mbele, kwa maneno yao. Nilirudi baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya sita, na kila walicholalamikia niliwaletea jibu, hata kama jibu lilikuwa bado. Muuguzi akihamishwa, aliyempokea alifundishwa na mwenzake kabla hajapewa funguo. Mradi uliotuletea vishikwambi umekwisha siku nyingi na bado vinatumika.

Msimu wa mpunga uliofuata mama alinipigia simu kutoka ng'ambo. Wajawazito watatu walipitisha siku zao, na orodha ilimwonyesha madungu yote matatu. Amewapata. "Sasa hili linanisaidia," akasema, na akakata kabla sijajibu.

Hapo ndipo nilipoona sina tena pa kujificha. Nilikuwa nimewaomba radhi wakubwa, nimemwomba mama. Yule mwanamke sikuwahi kumwona hata uso. Nikamwambia mama nataka kwenda. Akanitazama, akasema dungu ni lile lile la ng'ambo, lakini yeye hatanisindikiza.

Nikaenda na mvuvi mmoja. Nikapanda ngazi, nikabisha hodi, nikakaribishwa kwenye mkeka. Mumewe alikuwa shambani chini anapiga kelele za ndege. Nikajitambulisha, nikamwambia mwanamke yule kila kitu. Kwamba palikuwa na daftari, kwamba jina lake lilikuwamo na dungu hili lilikuwamo, kwamba mimi ndiye niliyelichukua, nikalifungia, nikanyamaza. Sikulia, nilijizuia, kwa kuwa kilio kile hakikuwa changu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nesi alishakuja," akasema. "Nilipotoka arubaini tu. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia kosa ni lake, alitakiwa anikumbuke, amesahau dungu langu."

"Hakusema kwamba nilimnyang'anya daftari?"

"Hakunitajia mtu. Nilimfukuza. Nilimwambia ameniulia mwanangu. Salamu yake sijaitikia mpaka leo. Watoto wangu wakiugua nawapeleka zahanati ya mbali, nusu siku kwa kasia, asiwaguse."

Sikuweza kuinua uso. Nilisikia mbao za dungu zikilia, nikajua amesimama. Alikuwa anafunga kanga yake kiunoni.

"Mtumbwi wako una nafasi?" akaniuliza. "Nina salamu ya kuitikia."

Nikamwambia ipo. Akamwita mumewe aje akae na watoto, akatangulia kushuka ngazi. Mtumbwi ulipogusa tope mbele ya zahanati aliruka kabla haujafungwa, akapita katikati ya benchi la wajawazito, akaingia ndani pasipo kubisha hodi.

Mimi nilibaki mtumbwini. Hapakuwa pa kuingia mimi.